Zawadi 150 kutoka Islii hadi Dagahaley: jinsi ya kununua mali ambayo hujaishika

Duksi ikikaribia mahafali, pale Dagahaley kuna mama mmoja ambaye simu yake haitulii. Kila mtu humwita Eedo, hata wasio wa ukoo wake, na sisi tutamwita hivyo hivyo kwa sababu alituomba jina lake tuliache nyumbani. Yeye ndiye hushika mchango wa wazazi na kununua zawadi za watoto waliohitimu. Zawadi yenyewe si kubwa: tasbihi moja, kichupa cha mafuta ya manukato, na mfuko mdogo wa kitambaa chepesi wenye kamba, wa kutia vyote viwili. Lakini watoto ni 150. Mtoto akifungua mfuko wake akute kichupa kimemwagika, huku cha aliyekaa naye kimejaa, hapo zawadi imeshageuka ugomvi.

Mwaka mmoja ilimkuta hivyo. Alimpigia muuzaji wa Nairobi ambaye hakuwa anamjua, akapendezwa na picha alizotumiwa kwa WhatsApp, akatuma pesa yote kwa mara moja kwenye nambari ya mtu binafsi. Mzigo ulifika siku mbili kabla ya sherehe. Kufungua katoni, harufu ya manukato ilijaa nyumba nzima, na hiyo haikuwa dalili njema. Vichupa vingi vilikuwa vimevuja na kuchafua mifuko. Alipompigia muuzaji, mara ya kwanza aliambiwa "nitakurudishia, Eedo." Mara ya pili simu haikupatikana.

Alijaribu kuomba muamala urudishwe. Hapa tuseme wazi, kwa sababu wateja wengi hutuuliza jambo hili. Kurudisha muamala ni kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari. Ukiwa umetuma kwa mtu uliyekusudia, kiasi ulichokusudia, mfumo hauoni kosa lolote. Kwamba mali ilikuwa mbovu ni madai baina yako na muuzaji, na simu haiwezi kuyaamua. Kwa hivyo nguvu yako yote iko kabla hujabonyeza namba ya siri. Ukishabonyeza, umebaki na uungwana wa mwenzako tu.

Tulikaa na Eedo mchana mmoja akatueleza anavyonunua siku hizi. Mengi ya yaliyo hapa chini ni yake, sisi tumeongeza yale yanayohusu malipo.

Kwa nini asinunue sokoni kwao?

Swali hilo tulimuuliza, maana Dagahaley ina soko lake. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na miaka yote hiyo watu wamefanya biashara. Maduka ya jumla yapo na tasbihi zipo. Eedo hakukataa. Kwa zawadi 30 au 40, alisema, yeye hahangaiki na Nairobi: huenda sokoni, hushika mali kwa mkono, huipeleka nyumbani siku hiyo hiyo, na ikiwa na kasoro hurudi nayo kesho yake.

Zikifika 150 hesabu hubadilika. Hizi ndizo bei alizopata msimu uliopita. Kwenye duka la jumla la Dagahaley, dazani ya tasbihi ilikuwa shilingi 540, ya vichupa 480, ya mifuko 180. Islii, baada ya kuvutana, zilikuwa 360, 300 na 120. Alihitaji dazani 13 za tasbihi, 13 za mifuko na 14 za vichupa. Huku kambini ingekuwa shilingi 16,080. Islii ilikuwa 10,440.

Ila hiyo 10,440 bado si bei ya zawadi zikiwa Dagahaley. Alimpa kijana aliyemkagulia mzigo 500, hamali wa mkokoteni 100, basi 500, na bodaboda kutoka mji wa Dadaab hadi kambini 300. Ada za kutuma pesa zilikuwa kama 150. Jumla ikawa 11,990. Bado aliokoa zaidi ya shilingi 4,000, lakini ona jinsi gharama za njiani zisivyojali wingi: basi na bodaboda wangemlipisha karibu kiasi kile kile kwa zawadi 40. Ndiyo maana kwa oda ndogo Islii haina faida.

Swali jingine: mbona asiende mwenyewe? Kwa mwenyeji wa Garissa ni safari ya kawaida, Nairobi ni kilomita 370 hivi. Kwa mkimbizi si hivyo, hawezi kutoka kambini na kupanda basi bila kibali cha kusafiri, na kibali cha kwenda kununua tasbihi si kitu cha kutegemea. Basi ni lazima anunue kwa simu, na kwa macho ya mtu mwingine.

Bei kwanza, au masharti kwanza?

Kwenye soko la mifugo la Garissa utaona bado watu wakishikana mikono chini ya kitambaa na kuelewana bei kwa vidole, bila mtu wa pembeni kujua. Kwa simu huna vidole wala huoni uso. Una maswali tu, na mpangilio wake una maana.

Eedo huanza na bei ya kipande kimoja. Kisha dazani moja. Kisha huuliza, "Adeer, nikichukua dazani tano?" Hasemi mara moja kwamba anataka 13, na tarehe ya sherehe haitaji kabisa. Muuzaji akijua una siku nne, anajua pia huna muda wa kuuliza duka la pili. Akishapata bei ya tano, ndipo hufungua: "Na nikikuambia ni 13, na mwakani ni wewe tena?" Msimu uliopita tasbihi zilianza 420 kwa dazani, zikashuka hadi 390 kwa dazani tano, zikaishia 360.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu huendelea kuvuta. Muuzaji aliyesema "mwisho ni 360, wallahi sina faida," halafu dakika mbili baadaye akakubali 300, mara nyingi hajapunguza faida yake. Amebadilisha mali. Tasbihi nzito yenye shanga laini inageuka ile ya plastiki nyepesi yenye mshono katikati ya kila shanga, na picha uliyotumiwa inabaki ile ile. Eedo ana swali moja la hapo: "Ni mali ile ile ya kwenye picha, au umenipa nyingine?" Amegundua kwamba wengi hawadanganyi wakiulizwa moja kwa moja. Husema, "Eedo, hii ni namba mbili." Usipouliza, hawana haja ya kusema.

Kwa hiyo bei ikishafika mahali inapofanana na ya maduka mengine mawili, yeye huacha kuvuta bei na kuanza kuvuta masharti. Katoni mpya ya kufungia iwe bure. Mzigo ufikishwe kwenye ofisi ya basi na duka. Na muhimu kuliko yote: vitakavyofika vimevunjika au kuvuja, vikatwe kwenye hesabu. Muuzaji ambaye hawezi kuachia shilingi 10 kwenye dazani anaweza kukubali sharti hilo bila shida, kwa sababu anajua mali yake.

Kuna pia neno dogo ambalo wengi husahau: ya kutoa. Mnakubaliana bei, unajiandaa kutuma, halafu unaambiwa, "Tuma na ya kutoa." Bei imepanda mlango wa nyuma. Uliza mapema kama duka lina nambari ya tili. Ukilipa kwa tili ya dukani kwa kawaida wewe hukatwi ada, na jina linalojitokeza kwenye simu ni la biashara. Akisisitiza utume kwa nambari yake binafsi, basi ada ya kutoa iwe sehemu ya mazungumzo ya bei, isije ikaja kama nyongeza baadaye.

Na jina hilo lisome. Kabla hujathibitisha malipo, simu hukuonyesha unayemlipa ni nani. Huku kwetu si ajabu mtu kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu yake, kwa hivyo jina geni peke yake si ushahidi wa wizi. Njia rahisi ni kuuliza kabla: "Nikilipa litatokea jina gani?" Likitokea jingine, simama, piga simu, elewaneni kwanza.

Sampuli ya shilingi mia

Picha haina ukubwa wala uzito. Eedo aliwahi kununua mifuko iliyoonekana ya kiganja, ikaja midogo kiasi kwamba tasbihi haikuingia bila kukunjwa mara tatu. Tangu siku hiyo hudai kila kitu kipigwe picha kikiwa juu ya mkono wa muuzaji, na mfuko upigwe picha ukiwa na tasbihi na kichupa ndani yake, kamba ikiwa imefungwa.

Kisha, kabla ya kulipia dazani hata moja, hununua seti moja tu kwa bei ya rejareja na kuomba msafiri amletee. Msimu uliopita seti hiyo ilimgharimu kama shilingi 100. Ikifika, huitesa.

Tasbihi huihesabu. Ya shanga 99 ina vitenganishi viwili, na kila sehemu inapaswa kuwa na 33. Za bei ya chini sana wakati mwingine huwa na 32 au 34 kwenye sehemu moja, na mwalimu wa duksi ataliona hilo kabla ya mtu yeyote. Halafu huvuta kishada cha mwisho kwa nguvu ya kawaida, ile ya mtoto, maana fundo likiwa limegundishwa tu bila kufungwa hutoka hapo hapo. Mwisho hulowesha kitambaa cheupe na kusugua shanga chache. Kitambaa kikipata rangi, mkono wa mtoto na kanzu yake vitapata rangi pia.

Kichupa ndicho chenye hila. Vile vyenye kijipira cha kupakia juu vinaweza kuonekana vizima dukani, kisha vivuje njiani, kwa sababu mafuta yakipata joto hutanuka na kutafuta pa kutokea. Na joto la njia ya Garissa mnalijua. Eedo hufunga kifuniko barabara, hukizungushia karatasi laini ya chooni, hukiweka kichwa chini ndani ya kikombe na kukiacha chini ya mabati mchana kutwa. Jioni karatasi ikiwa na doa, oda hiyo haiendi mbele. Kisha hukifungua na kukipaka mkononi: kijipira kikigoma kuzunguka, hata mafuta yawe mazuri namna gani, mtoto atakitoa kwa meno.

Seti iliyofaulu huwekwa kabatini. Haipewi mtu. Hiyo ndiyo kipimo cha mzigo wote utakaokuja, na picha yake hutumwa kwa muuzaji na maneno mafupi: nataka hii.

Macho yaliyoko Islii

Wakati wa kununua wenyewe, Eedo hutumia kijana wa jirani yake anayesoma Nairobi. Kijana huyu hamchagulii duka wala hajadili bei. Kazi yake ni kukagua tu, na hulipwa na Eedo, si na muuzaji. Alituambia hilo mara mbili, kwa hiyo tunalirudia: mkaguzi anayepata kamisheni dukani ni mkaguzi wa duka.

Islii yenyewe ni bahari. Maduka yake makubwa yalianza na Garissa Lodge, nyumba ya wageni ambayo mapema miaka ya 1990 vyumba vyake viligeuka maduka, watu wakauza bidhaa pale pale walipolala. Leo kuna majengo na majengo, na kitu kimoja unaweza kukiona kwenye milango ishirini. Usimpe mkaguzi wako jukumu la kuzunguka yote. Mpe duka, mali, idadi, na picha ya sampuli.

Akifika hufanya mambo matatu. Kwanza huhesabu dazani, kwa sababu siku hizi kuna pakiti zinazoitwa dazani zikiwa na vipande 10. Kwenye pakiti 13 zenye upungufu wa viwili, umepoteza 26, umebaki na 130, na kwenye sherehe watoto 20 watakosa. Pili, huangalia rangi. "Rangi mchanganyiko" inaweza kuwa nane za kahawia na nne za waridi, na wavulana walioshika za waridi watakuwa na la kusema. Tatu, hufungua boksi tatu za vichupa, moja ya juu, moja ya katikati, moja ya chini kabisa, na kuchukua viwili kwenye kila boksi. Boksi la juu ndilo lililokaa dirishani, halikuambii habari za lile la chini. Kikipatikana kimoja kibovu kati ya hivyo sita, huomba boksi zote zifunguliwe. Muuzaji hununa kidogo, hakuna neno.

Baada ya hapo katoni hufungwa mbele yake, vichupa vikisimama wima, na jina na nambari ya simu ya Eedo huandikwa kwa kalamu nene kwenye katoni yenyewe, pande mbili. Karatasi iliyobandikwa hung'oka. Kwenye ofisi ya basi huchukua risiti ya mzigo, huipiga picha, na kuomba katoni isipandishwe juu ya basi kwenye jua.

Malipo hugawanywa kufuata hatua hizo. Kati ya ile 10,440, Eedo alituma 3,000 ili mali itengwe. Alilipa 5,440 kijana alipopiga simu akiwa dukani na kusema, "Habaryar, iko sawa, tumeshafunga." Shilingi 2,000 zilibaki hadi mzigo ufike Dagahaley. Angeweza kugawanya zaidi, lakini kwa anayetuma kwa nambari binafsi kila muamala una ada yake, na sehemu tano zingemla faida bila kumpa usalama wa ziada.

Si kila muuzaji atakubali kubakiziwa deni la 2,000 na mtu asiyemjua. Huyu alikubali kwa sababu kijana alimdhamini, na familia yake inajulikana pale. Kama huna mdhamini, usilazimishe. Badala yake mwambie mkaguzi wako afungue boksi zote dukani, na ulipe salio lote hapo hapo, ukijua kwamba hatari ya njiani umeibeba wewe.

Njia nayo ina msimu. Novemba 2023 mvua za El Nino zilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Garissa kwenda Nairobi, na mizigo ya watu ikakwama. Kutoka Garissa hadi Dadaab ni kilomita 100 hivi, na kipande hicho hakipendi mvua. Eedo huagiza wiki tatu kabla. Miezi ya mvua huongeza wiki moja, na mwezi wa kukaribia Ramadhani huongeza nyingine kwa sababu tasbihi hupanda bei na maduka hayana muda wa kusikiliza masharti ya mtu.

Siku ya kufungua katoni

Mzigo ulipofika hakufungua peke yake. Aliwaita mama wawili wa kamati, akamwambia binti yake arekodi video kuanzia utepe ukiwa bado mzima. Video hiyo ina kazi: muuzaji akisema "labda vimevunjikia kwako," unayo.

Tasbihi zote zilikuwa sawa na ile ya kabatini. Mifuko nayo. Vichupa vilipangwa juu ya shuka jeupe na kuguswa kimoja kimoja, vyote 168. Tisa vilikuwa vimevuja. Watoto ni 150, kwa hiyo vilibaki 159 vizima, na ile dazani ya kumi na nne ambayo mama mmoja wa kamati aliiita upotevu wa pesa haikuitwa hivyo tena.

Eedo alimtumia muuzaji video na picha ya vichupa tisa vikiwa mstari mmoja. Kwa shilingi 25 kila kimoja, hiyo ni 225. "Adeer, nikukate hizo?" Jibu lilikuja baada ya swala ya alasiri: "Kata, Eedo." Alilipa 1,775 kwenye ile ile tili, akasoma jina, akathibitisha. Ujumbe wa muamala huo bado uko kwenye simu yake pamoja na ile miwili ya kwanza. Hajaifuta, kwa sababu mwakani, akianza tena kuuliza bei ya dazani moja, kisha tano, ataanza na duka hilo.